Rejesta rasmi: urasmi wa insha ya Kiswahili hukaa wapi?

Rejesta, ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wanaijua kwa jina la sajili, ni namna lugha inavyobadilika kulingana na mahali, mada na uhusiano wa wanaowasiliana. Insha ya chuo ina rejesta yake. Mwanafunzi wa isimu au fasihi ya Kiswahili hukumbana nayo kwa ugumu wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya anayoyasoma imeandikwa kwa Kiingereza, naye anatakiwa kuandika kwa Kiswahili.

Ugumu hautoki kwenye msamiati peke yake. Kila lugha ina mahali pake pa kuweka urasmi. Kiingereza cha kitaaluma hupenda kugeuza vitendo kuwa nomino na kumficha mtendaji. Kiswahili huutegemea zaidi upatanisho uliokamilika, kitenzi kilichochaguliwa vizuri, na uwazi wa nani amesema nini. Anayehamisha nomino za Kiingereza moja kwa moja hupata sentensi nzito, akadhani uzito huo ndio urasmi.

Tuchukue mfano wa makala ya Kiingereza kuhusu mikoko ya delta ya Rufiji, ambako sehemu ya msitu imekatwa kupisha mashamba ya mpunga. Mwanafunzi anaandika: "Ufanyikaji wa ukataji wa mikoko na wakulima umepelekea upungufu wa mazalia ya kamba." Nomino saba zimerundikana, wakulima wamesukumwa katikati, na "umepelekea" ni kitenzi ambacho walimu wengi hukipiga mstari mwekundu kinapotumiwa kwa maana ya kusababisha. Mwalimu akimwambia sentensi ni ngumu, mwanafunzi mara nyingi hukimbilia upande wa pili: "Wakulima wanakata tu mikoko, yaani mwisho wa siku kamba wanakosa pa kuzaliana." Hii ni lugha ya kijiweni, na "mwisho wa siku" yenyewe ni Kiingereza kilichovaa Kiswahili.

Sentensi inayofaa ni nyepesi kuliko ya kwanza na nadhifu kuliko ya pili: "Wakulima wanapokata mikoko ili kupanda mpunga, kamba hupoteza mazalia yao." Mtendaji yuko mbele, vitendo vimebaki vitenzi, na kiambishi hu- kinaonyesha kwamba jambo hilo hutokea kwa kawaida. Urasmi haujapungua hata chembe. Kauli ya kutendwa haijakatazwa: ikiwa aliyekata hajulikani au si muhimu kwa hoja, "mikoko hukatwa" inatosha.

Panapoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye kiwango cha uhakika. Waandishi wa Kiingereza hupima maneno yao: wanasema jambo linaelekea kuwa kweli, au kwamba data zinaashiria hivyo. Mwanafunzi anayeandika "inasemekana" ameigeuza hoja ya mtafiti kuwa uvumi usio na mwenyewe. "Inadaiwa" nayo inanukia habari za mahakamani, na hata "mtafiti anadai" humwonyesha msomaji kwamba wewe humwamini. Kama huna shaka naye, andika "anaeleza", "anabainisha" au "anatoa hoja kwamba". Kama yeye mwenyewe ana tahadhari, "huenda", "yaelekea" na "matokeo yanaashiria" huibeba tahadhari hiyo. "Imethibitika" ingoje mpaka chanzo chenyewe kiseme kuna uthibitisho. Kipimo ni rahisi: baada ya kila dai, msomaji akiuliza "nani kasema, na kwa uhakika gani?", jibu liwe tayari ndani ya sentensi.

Njia ya kufanya kazi nayo ina uzito. Anayeandika huku chanzo kiko wazi mbele yake, sentensi kwa sentensi, hufuata mpangilio wa Kiingereza bila kujua. Soma aya nzima, funga chanzo, andika hoja kama ungemweleza mwalimu wako ofisini kwake, kisha ukifungue tena kukagua majina, tarakimu na kiwango cha uhakika. Halafu soma kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, mara nyingi utakuta nomino mbili tatu zilizounganishwa kwa "wa" na "ya".

Njia hii ina mpaka. Fasili ya dhana haivumilii kusimuliwa kwa ulegevu. Hapo kaa karibu na chanzo, neno kwa neno ikibidi. Ukinukuu, weka alama za kunukuu, taja ukurasa, na ueleze kwamba tafsiri ni yako. Istilahi zenye majina zaidi ya moja, kama hizo rejesta na sajili, chagua moja inayotumika katika idara yako na uishike hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu msomaji akikutana na majina mawili atadhani unazungumzia vitu viwili.