Bibi, skrinshoti zake, na mkate wa kumimina uliopotea

Natengeneza simu hapa Chake Chake, na malalamiko ninayoyasikia sana kutoka kwa wanawake wa makamo ni haya: "Mapishi nimeyapiga skrinshoti, lakini siyaoni." Juzi alikuja bibi mmoja ambaye hapitwi na pishi. Akiona vileja, anapiga. Akiona boko boko, anapiga. Alipotaka mkate wa kumimina aliouona Ramadhani ya mwaka 2025, alihangaika tangu asubuhi asiupate.

"Mwanangu, simu imeula mkate wangu," aliniambia.

Simu haikula kitu. Skrinshoti ni picha tupu, na simu huipa jina la wakati ilipopigwa. Jina lenyewe huwa kama hivi:

```
Screenshot_20250305-213714.png
```

Yaani tarehe 5 Machi 2025, saa tatu na dakika 37 usiku. Hapo hamna mkate wala mchele. Bibi anakumbuka kwa chakula, simu inakumbuka kwa saa, ndiyo maana hawakutani. Na kwenye galari picha hizo zimechanganyika na za harusi, za wajukuu na salamu za Ijumaa zinazoingia kila wiki.

Kwa hiyo sikumuuliza pishi gani. Nilimuuliza: "Bibi, uliuona lini?" Akafikiri. Ilikuwa kumi la mwanzo, baada ya tarawehe, usiku ule mwanawe aliposhuka boti kutoka Unguja. Hilo lilitosha. Nilifungua folda ya Screenshots, nikazipanga kwa jina badala ya kuziacha zilivyo, nikateremka mpaka Machi 2025, kisha nikaangalia za usiku tu. Napenda kupanga kwa jina kwa sababu mtu akihamisha picha kwenye simu mpya, tarehe inayoonekana pembeni inaweza kugeuka ikawa siku ya kuhamisha, lakini jina hubaki lile lile. Picha iliyopitia WhatsApp ni habari nyingine. Yenyewe hupewa jina jipya, linaloanza na `IMG` na kuishia na `WA` na namba, na tarehe yake ni ya siku iliyotumwa au kupokewa.

Mkate ukaonekana, picha tatu zilizofuatana. Ya kwanza ina vipimo: nusu kilo ya mchele wa kuloweka, tui zito, sukari, hamira, hiliki, ute wa yai. Ya pili ni mkate wenyewe, umeiva, unapendeza. Ya tatu inaeleza kusaga, kisha inakatika kwenye maneno "funika uumuke mpaka". Mpaka lini? Palipokatika ndipo penye pishi, maana rojo lililozidi kuumuka huchachuka, na lisiloumuka vya kutosha hutoa mkate mzito.

Hili naliona sana. Pishi ni refu kuliko kioo cha simu, na mtu hupiga kile kilicho mbele yake bila kuteremsha ukurasa. Ikiwa ni video, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu picha imeshika sufuria tu na maelezo yalikuwa kwenye sauti. Kitu cha kuangalia hapo ni ukingo wa picha, ambako mara nyingi pana jina la ukurasa au la mpishi. Kwa bibi lilikuwepo juu kabisa. Tukalitafuta, tukaufikia ukurasa, tukasoma mstari uliobaki.

Kama siku huikumbuki, Google Photos inaweza kutafuta maneno yaliyomo ndani ya picha, mradi folda ya Screenshots imewekwa kwenye nakala ya akaunti. Kupandisha picha hizo hula bando, na nafasi ya bure ni GB 15 kwa kila kitu cha akaunti hiyo, barua pepe zikiwemo. Ukitafuta usiandike "mkate", utaletewa mikate yote. Andika kitu ambacho mapishi mengine hayana, kama "ute wa yai", na ujaribu "hiliki" na "iliki", maana simu hufuata herufi zilizoandikwa. Picha ya chakula isiyo na maandishi haiwezi kupatikana kwa maneno ya pishi.

Kwa zinazokuja, nilimfundisha bibi kujitumia skrinshoti mwenyewe kwenye WhatsApp, na kabla ya kubonyeza kutuma aandike chini ya picha jina analoliita yeye: "mkate wa kumimina, wa nusu kilo". Maneno hayo WhatsApp inayatafuta, hata baada ya mwaka. Sauti haitafutiki, kwa hiyo lazima aandike, japo maneno mawili. Na nimemwonya asiifute picha iliyomo kwenye folda ya `Sent` akitafuta nafasi. Akiifuta, atayapata maneno lakini picha haitafunguka.

Zile za zamani hatukuzigusa zote. Alichagua anazozipika kweli, akazitumia moja moja palepale mezani kwangu, na kila moja nilimuuliza kwanza: "Mwisho wa pishi unaonekana?"