Kichupa cha insulini hakidumu siku 45

Wiki hii kijana mmoja wa Marangu alinipigia hapa Moshi hesabu ambayo nimeisikia hadi nimechoka: "Nesi, kichupa kina yuniti 1,000, na mama anachoma 22 kwa siku, kwa hiyo kinatutosha siku 45." Kugawanya amegawanya vizuri sana. Alichosahau ni kwamba insulini huanza kuhesabiwa siku zake tangu kichupa kinapotobolewa, na sisi kliniki tunahesabu wiki 4, hata kama zaidi ya theluthi moja imebaki ndani. Kwa mwaka, basi, mama anahitaji vichupa 13, wala si 8 au 9 alivyopanga mwanawe.

Nikiri jambo moja. Karatasi za baadhi ya watengenezaji huruhusu wiki 5 au hata 6 mahali pasipo joto, na Marangu si Moshi mjini. Kichupa kinachokaa ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji hakipati taabu ile ya kichupa kilichoachwa dirishani. Kwa hiyo huwa nasita ninapomwambia mtu asiye na fedha amwage dawa siku ya 29. Ila hata wiki 6 ni siku 42, nazo hazifiki 45. Isitoshe, insulini iliyopungua nguvu mara nyingi haionekani kwa macho. Ya mchanganyiko ni nyeupe kama maziwa tangu mwanzo, na ukiiviringisha viganjani ikabaki na mabonge, itupe. Lakini mara nyingi dalili ya kwanza ni sukari kupanda ilhali dozi na chakula havijabadilika.

Dalili hiyo huonwa na kipimo, na hapo ndipo fedha zinapokwenda. Familia ile hununua kichupa kwa shilingi 20,000 na vijiti 50 vya kupimia kwa shilingi 30,000. Mama akijipima mara mbili kwa siku, vijiti huisha siku ya 25, kabla mwezi haujaisha. Ndiyo maana napanga kwa wiki: insulini 5,000, vijiti 8,400. Kliniki ni kila baada ya wiki 8, na nauli ya kwenda na kurudi ni 6,000 kwa kila mtu. Kwa kuwa mama haoni vizuri alama za bomba la sindano na hasafiri peke yake, nauli ni za watu wawili, yaani 1,500 kwa wiki. Jumla ni 14,900, kabla ya mabomba yenyewe.

Kijana aliguna, akauliza kama wapunguze vijiti. Nilimwambia wanaweza kwenda mara moja kwa siku katika wiki tulivu, asubuhi leo na jioni kesho, lakini warudie mara mbili kichupa kinapoingia wiki ya nne. Kisha nikampa kalamu aandike tarehe ya kutoboa kwenye lebo ya kichupa alichokuja nacho. Hakuikumbuka.