Kabla ukurasa wa biashara haujaingia kwenye chalenji: tafuteni klipu ilipozaliwa

Septemba 2014, baada ya kusambaa kwa video ya mchezaji wa futiboli ya Kimarekani akimpiga mchumba wake ndani ya lifti, wanawake wengi walianza kueleza kwenye Twitter, chini ya hashitegi #WhyIStayed, kwa nini waliendelea kuishi na wanaume waliowapiga. Kampuni ya piza ya DiGiorno iliona hashitegi inavuma, ikaitumia kuandika kwamba sababu ya kubaki ilikuwa piza. Ujumbe huo ulifutwa baada ya muda mfupi, na kampuni ikaomba radhi ikikiri kuwa haikusoma hashitegi ilihusu nini kabla ya kuandika.

Kisa hicho ni cha zamani na cha mbali, lakini kitengo chetu cha elimu kwa umma hapa Mtwara bado hukitumia kufundishia, kwa sababu kosa lenyewe halijabadilika. Anayesimamia ukurasa hukutana na utani ukiwa umeshapita mikono mingi, umekatwa kichwa na miguu, na kila mtu anacheka. Anachoweza kukiona ni mtindo tu. Asili yake haionekani mpaka itafutwe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka la vyakula la jumla Mtwara mjini lina ukurasa unaosimamiwa na kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Ni msimu wa korosho, minada imeanza, na kwenye TikTok kuna sauti fupi ya mama mmoja anayesema kwa lafudhi ya kijijini, “Kilo zangu mmezipeleka wapi jamani?” Vijana wa Dar es Salaam wanaiigiza wakifungua paketi ya krispi iliyojaa hewa, au wakionyesha bando la intaneti lililoisha kabla ya siku yake. Kijana wetu anapendekeza mhudumu wa duka aigize sauti hiyo huku akinyanyua kiroba cha unga cha kilo 25, na meneja, ambaye naye ameshacheka, yuko tayari kuidhinisha.

Hatua ya kwanza ni kugusa jina la sauti lililo chini ya video, ambapo hufunguka ukurasa wa sauti hiyo pamoja na video zilizoitumia, na ile iliyoianzisha huwekewa alama. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea, kwa kuwa alama hiyo humtaja tu aliyepandisha sauti mara ya kwanza kwenye mtandao huo, ambaye mara nyingi ni mkusanyaji wa vichekesho aliyeikata kutoka kwingine. Kwa hiyo maneno ya mama yule yatafutwe pia Facebook na YouTube, na maoni ya video za mwanzo yasomwe kwa utulivu, yakiwemo yale yasiyopendwa na wengi, kwa sababu hapo ndipo hujitokeza mtu wa kijiji husika anayeandika, “Huyu ni mama yetu, msimcheke.”

Katika mfano wetu, klipu nzima inapatikana. Mama amesimama kwenye ghala la chama cha msingi, uzito aliopimiwa ni pungufu ya ule alioupima nyumbani, na mwisho wa klipu analia akitaja ada ya mtoto. Inawezekana mizani ya ghala ilikuwa sahihi, kwani korosho ambayo haijakauka vizuri huendelea kupoteza unyevu na uzito ikiwa imehifadhiwa, na mizani ya nyumbani nayo huenda haijawahi kukaguliwa. Ukweli wa madai yake hauhusiani na uamuzi wa duka. Kinachohusika ni kwamba wanaoishi Newala, Tandahimba na Masasi, ambao ndio wateja wa duka hilo, hawataona krispi. Watamwona mama aliyelia mbele ya mizani, akitaniwa na mfanyabiashara anayeishi kwa kupima. Duka linalofanya mzaha na kilo zilizopotea linamfanya mteja aanze kukitazama kiroba chake kwa jicho jingine.

Hapo swali la kuamua nalo ni moja: anayechekwa ni nani? Anayejicheka mwenyewe kwa hiari anaruhusu wengine waungane naye. Anapochekwa mtu kwa lafudhi, umaskini, mwili au kabila lake, ukurasa wa biashara usiingie, hata kama mwenye duka ni mwenyeji wa Kusini na utani huo anautoa kila siku kijiweni. Kijiweni wanamjua, mtandaoni anaonekana kama nembo tu. Ngoma zinazotokana na unyago zinahitaji tahadhari hiyohiyo, kwa sababu wimbo unaosikika mtamu kwa asiyejua lugha unaweza kuwa na mafundisho ambayo wakubwa hawataki yaimbwe hadharani, sembuse kutangazia sabuni. Muulizeni bibi anayeielewa lugha hiyo kabla ya kurekodi.

Kuna pia upande wa haki. Sura na sauti ya mtu anayetambulika ni jambo linaloguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuenea kwa klipu hakumaanishi kwamba mhusika ameridhia kutumika katika tangazo. Kwa nyimbo, TikTok huzipa akaunti za biashara maktaba maalumu ya muziki ulioidhinishwa kwa shughuli za kibiashara, ndiyo maana wimbo ambao mhudumu anauona kwenye simu yake unaweza usionekane kwenye akaunti ya duka. Wapo wanaoibadilisha akaunti kuwa ya binafsi ili waupate. Ujanja huo hauwapi kibali cha mwenye wimbo, na video inaweza kunyamazishwa au kuondolewa siku ambayo imeanza kutazamwa.

Kuhusu muda, kama idhini hupita kwa watu wanne na kuchukua wiki, chalenji ziachwe kabisa, kwani video itatoka wakati watu wameshaanza kuucheka utani wenyewe na wanaouchelewa. Machapisho yaliyopangwa mapema kupitia Meta Business Suite nayo yawe na mtu mwenye mamlaka ya kuyasimamisha saa yoyote. Mei 2024, wakati barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilipokatika eneo la Somanga katika kipindi cha Kimbunga Hidaya na abiria wakakwama, video ya wafanyakazi wakicheza isingehitaji kuwa na neno baya ili iudhi.

Kwa duka letu, ushauri ungekuwa kuiacha sauti ya mama na kutengeneza kitu chao: mhudumu anaweka kiroba kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kamera inasogea, mteja anasoma namba mwenyewe. Hata hiyo isubiri mpaka mjadala wa yule mama upoe. Haitavuma kama chalenji, lakini kwa maoni yangu itauza zaidi.

Na ikiwa video imeshatoka na malalamiko yameanza, isifutwe kimyakimya, kwa sababu skrinishoti zimeshapigwa na ukimya utasomwa kama kiburi. Iondolewe, kisha saa hiyohiyo yaandikwe maelezo mafupi yanayotaja kosa kwa jina: “Tulitumia sauti ya mama aliyekuwa akidai haki yake bila kujua ilikotoka wala kumuomba ruhusa. Tumeiondoa. Tunamuomba radhi yeye na wakulima wote.” Maneno “kama kuna aliyekwazika” yasiwepo. Jina la kijana aliyeichapisha lisitajwe, maana aliyeidhinisha ni meneja.