Taarifa ya awali wakati wa mgomo ni nini hasa

Taarifa ya awali ni ile memo fupi kampuni inatuma kwa wafanyakazi pale mgomo umeanza na mambo bado hayajaeleweka vizuri. Inasema kile kinachojulikana sasa hivi na saa ngapi watu watasikia tena, basi. Sio hukumu, na sio mahali pa kujibizana na chama cha wafanyakazi.

Chukua kiwanda kimoja pale Industrial Area, Nairobi. Saa kumi na mbili asubuhi shifti ya mchana imekataa kuingia, watu wameketi nje ya geti, na meneja kwa presha anaandika kwa grupu ya wasapu: "Mgomo huu ni haramu. Asiyeingia saa mbili amejifuta kazi."

Hapo amejifunga mara mbili. Kwanza hilo neno haramu, nani amesema? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007, kifungu cha 76, inalinda mgomo ikiwa mzozo ni wa masharti ya kazi ama kutambuliwa kwa chama, upatanishi umeshindikana, na notisi ya siku 7 kwa maandishi imepelekwa kwa mwajiri na kwa waziri. Unaweza kupata notisi ililetwa wiki iliyopita, karani akaigonga muhuri ikalala kwa droo, na sasa kampuni imetangaza kwa maandishi jambo ambalo ni mahakama ya kazi inafaa kuamua.

Pili, hakuna mtu anajifuta. Hata mgomo ukiwa haujalindwa, mwenye anashtakiwa utovu wa nidhamu lazima aelezwe makosa kwa lugha anaelewa, aje na mwenzake wa kazi ama mwakilishi wa chama, na asikizwe kabla ya uamuzi, hiyo ni kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira, 2007. Ile meseji ya asubuhi itapigwa skrinshoti na siku ya kesi wakili wa chama ataisoma polepole mbele ya jaji.

Mimi ningeandika hivi:

"Leo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kazi imesimama katika sehemu ya upakiaji. Tumewasiliana na chama. Geti liko wazi kwa anayetaka kuingia, na tunaomba kila mtu apite kwa usalama. Maswali ya mshahara wa siku ambazo kazi imesimama yatajibiwa kwa maandishi. Tutawaandikia tena saa kumi jioni."

Ona haijataja idadi ya waliogoma, kwa sababu kuna mwenye yuko likizo, kuna mgonjwa, kuna aliyeogopa tu kupita katikati ya watu, na ukimhesabu huyo kama mgomaji halafu umkate pesa umejitafutia kesi nyingine kabisa. Msimamizi naye asizunguke akiuliza nani ako kwa chama.

Na saa kumi ikifika andika, hata kama ni kusema mazungumzo bado yanaendelea.