Malipo ya kodi kwa awamu: namna ya kukadiria pale mapato yanapofuata msimu wa korosho

Anayeajiriwa hukatwa kodi kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Aliyejiajiri hana wa kumkata, kwa hiyo sheria ya kodi ya mapato inamtaka afanye kazi hiyo mwenyewe: akadirie kodi ya mwaka mzima mwanzoni, kisha ailipe kidogo kidogo mwaka ukiendelea. Malipo hayo ndiyo yanayoitwa kodi ya awamu. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, tarehe za mwisho ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Taarifa ya makadirio hupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya awamu ya kwanza, na ritani ya mwisho, ile ya mapato halisi, hufuata ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa, yaani kufikia 30 Juni.

Tunayemzungumzia hapa ni mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake yamevuka shilingi milioni 100 kwa mwaka. Aliye chini ya hapo kwa kawaida hutozwa kwa kuangalia mauzo, na hesabu yake ni nyingine. Akishavuka, kodi huangalia faida, na hapo ndipo mapato yanayopanda na kushuka yanapoanza kusumbua.

Wengi hudhani awamu ya Machi ni kodi ya faida ya Januari hadi Machi. Sivyo. Kila awamu ni kipande cha kodi ya mwaka mzima, na kanuni yenyewe ni hii:

```
awamu = (A - C) / B
```

A ni kodi ya mwaka mzima kadiri unavyoiona siku hiyo. C ni kodi ambayo tayari umeilipa kwa ajili ya mwaka huo, ikiwa ni pamoja na kodi ya zuio uliyokatwa na wateja. B ni idadi ya awamu zilizobaki, ukihesabu na hii unayolipa. Uzuri wa kanuni hii umo kwenye A, kwa kuwa inaruhusiwa kubadilika. Ukiona mwaka unakwenda tofauti na ulivyodhani, unapeleka makadirio mapya, na kosa la awamu zilizopita linasawazishwa kwenye zile zilizobaki.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi Nachingwea. Biashara ya namna hii huenda na mazao. Ufuta ukiuzwa katikati ya mwaka, watu hununua mifuko michache ya saruji. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo ya wakulima yakishapita kwenye vyama vya msingi, bati huondoka dukani kwa bando. Tuseme mwaka jana duka liliuza milioni 150: milioni 30 Januari hadi Machi, milioni 22.5 hadi Juni, milioni 37.5 hadi Septemba, na milioni 60 hadi Desemba. Ukigeuza kuwa asilimia unapata 20, 15, 25 na 40. Asilimia hizo nne ndizo kifaa chako kikuu, na ukiwa na ripoti za mashine ya EFD za miaka miwili au mitatu, chukua wastani wake badala ya kutegemea mwaka mmoja.

Kitu cha pili unachohitaji ni namna ya kutoka kwenye mauzo kwenda kwenye faida. Usichukue asilimia moja ya faida halisi na kuizidisha kila mahali, maana pango na mshahara wa kijana wa dukani havipandi kwa sababu umeuza zaidi. Tenganisha. Tuseme kila mauzo ya shilingi 100 yanabakiza 20 baada ya kutoa bei ya mzigo na usafiri, na gharama zisizobadilika ni milioni 12 kwa mwaka. Mauzo ya milioni 150 yanatoa milioni 30, ukitoa 12 inabaki faida ya milioni 18.

Kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania Bara, mapato ya mwaka yanayovuka milioni 12 hutozwa shilingi 1,536,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni 12. (Chini ya hapo kuna ngazi za asilimia 8, 20 na 25, na shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi.) Faida ya milioni 18 inaleta 1,536,000 na 1,800,000, jumla 3,336,000.

Machi imefika, umeuza milioni 30 kama mwaka jana, basi hakuna sababu ya kudhani mwaka utakuwa tofauti. A ni 3,336,000, C ni sifuri, B ni 4. Unalipa 834,000.

Juni ndipo penye mtego. Mauzo ya miezi sita ni milioni 63, wakati mwaka jana yalikuwa 52.5. Mtu wa haraka atasema: miezi hii ni asilimia 35 ya mwaka, 63 ugawe kwa 0.35 ni milioni 180, faida milioni 24, kodi 5,136,000. Lakini ndani ya zile 63 kuna milioni 9 za saruji na bati ulizoiuzia halmashauri kwa ajili ya madarasa. Oda hiyo haitokani na msimu, na hakuna ahadi kwamba itajirudia. Itoe kwanza: zinabaki milioni 54, ambazo ukizigawa kwa 0.35 unapata kama 154.3. Kisha irudishe ile 9 kama ilivyo, bila kuizidisha. Mwaka unakadiriwa kuwa na mauzo ya milioni 163.3, faida milioni 20.66, kodi 4,134,000.

Halmashauri nayo ilipokulipa ilikata kodi ya zuio ya asilimia 2 ya bidhaa, yaani 180,000. Hiyo ni kodi yako iliyotangulia, inaingia kwenye C ikiwa una hati yake. Bila hati ni maneno tu, kwa hiyo idai siku ileile unayopokea malipo, kwa sababu kuifuata miezi sita baadaye ni safari nyingine. C sasa ni 834,000 na 180,000, jumla 1,014,000. Toa kwenye 4,134,000, gawa kwa 3: unalipa 1,040,000. Yule wa haraka angelipa 1,374,000, na tofauti ya 334,000 ingekuwa imetoka kwenye mtaji wakati wa miezi ambayo duka ni kimya.

Robo ya tatu ikawa baridi. Julai hadi Septemba umeuza milioni 30 tu. Mauzo ya kawaida ya miezi tisa ni 84, ambayo kwa mwaka jana yalikuwa asilimia 60. 84 kwa 0.6 ni milioni 140, ongeza 9 ya halmashauri, 149. Faida milioni 17.8, kodi 3,276,000. C imefika 2,054,000. Baki ugawe kwa 2: unalipa 611,000. Makadirio yameshuka, na awamu imeshuka nayo. Ingetokea C imezidi A, awamu hiyo ungelipa sifuri, na ziada ingesubiri kuhesabiwa kwenye ritani ya mwisho.

Septemba hiyohiyo ina kosa lake. Mwenye duka huwa anajaza ghala akisubiri korosho, labda mzigo wa milioni 25, kisha akiangalia akaunti iliyobaki tupu anaandika kwamba mwaka huu hana faida. Mzigo uliomo ghalani haujawa gharama. Unakuwa gharama unapouzwa, na uliobaki tarehe 31 Desemba unahamia mwaka unaofuata. Ndiyo maana makadirio yanayofanywa kwa kutazama salio la benki hukosea mara nyingi. Pesa uliyochukua kwa ada ya shule nayo si gharama ya biashara.

Desemba, korosho imelipa kuliko ulivyotegemea: robo ya mwisho milioni 66. Jumla ya mwaka ni 84, 66 na 9, yaani milioni 159. Faida milioni 19.8, kodi 3,876,000. C ni 2,665,000 na awamu iliyobaki ni moja, kwa hiyo unalipa 1,211,000 na mwaka unafungwa bila deni. Awamu hii hufanyika kabla hujafunga hesabu, basi jipe siku chache za mwisho wa mwezi kama makisio. Tofauti ndogo itamaliziwa kwenye ritani.

Swali linaloulizwa sana ni kukosea kiasi gani ndiko kunakoadhibiwa. Mpaka ni asilimia 80. Makadirio uliyotumia yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, unatozwa riba kwa upungufu huo, na inahesabiwa kuanzia tarehe ya awamu ya kwanza, si kuanzia siku ulipogundua. Kwa duka hili, asilimia 80 ya 3,876,000 ni 3,100,800. Makadirio yote manne yako juu ya hapo, hata yale ya Septemba yaliyoshushwa. Aliyeandika milioni 2 mwezi Machi ili awamu iwe nyepesi, akaacha hivyo mpaka mwisho, yuko asilimia 52 tu. Pia TRA ina mamlaka ya kukataa makadirio yasiyo na msingi na kukuwekea ya kwake, kwa hiyo tunza karatasi ya hesabu yako ya kila robo pamoja na ripoti za EFD. Hiyo ndiyo hoja utakayokuwa nayo ukiulizwa kwa nini ulishusha.

Kuchelewa kulipa ni jambo lingine na lina riba yake, hata kama makadirio ni sahihi. Tatizo kwa biashara ya msimu ni kwamba awamu mbili za mwanzo zinadai pesa kabla msimu haujaja. Njia inayofanya kazi ni kutenga kwa kila milioni ya mauzo. Hapa kodi ya mwaka ni kama asilimia 2.4 ya mauzo, basi tenga 25,000 kwa kila milioni. Kufikia Juni utakuwa umetenga 1,575,000, lakini awamu mbili zimechukua 1,874,000. Pengo ni karibu 300,000. Kwa hiyo akiba hiyo ya 300,000 inatakiwa iwe imeshatolewa kwenye mauzo ya Desemba na Januari, kabla pesa ya korosho haijageuka kuwa bati jipya.