Je, wajua? Skrubu ya jipsamu haishiki jipsamu

"Nimekaza skrubu mpaka zikazama ndani ya bodi, mbona ukuta bado unacheza?"

Unacheza kwa sababu zimezama. Bodi ya jipsamu ni plasta iliyobanwa kati ya karatasi mbili. Kinachoshikwa na skrubu ni ile karatasi ya juu, na kichwa kikishaipasua hakuna tena cha kushika.

Nami niliamini kinyume chake kwa muda mrefu. Niliichukulia karatasi kama vazi tu, imebandikwa ili bodi ipendeze na rangi ikae vizuri. Nguvu niliiweka kwenye ule unene mweupe wa katikati, kwa hiyo kila skrubu niliyoiona imezama niliihesabu kuwa imefanya kazi mara mbili. Imani hiyo iko kwa watu wengi, na inaeleweka: kwenye mbao ndivyo ilivyo. Ubao una nyuzi ndani, ukizamisha kichwa cha skrubu nyuzi zinakibana. Mtu aliyejifunzia kwenye useremala huja kwenye jipsamu na mkono uleule.

Lakini chukua kipande kilichobaki baada ya kukata, ukwaruze ule weupe kwa ukucha. Unatoka unga. Halafu pitisha kisu juu ya karatasi ya upande mmoja, mstari mmoja tu, bila kwenda ndani zaidi. Weka bodi gotini, mstari ukiwa juu, ubonyeze pande mbili kwenda chini. Inavunjika hapohapo, imenyooka kama imepigwa rula. Kisu hakikugusa hata robo ya unene, ila ulipoikunja bodi, upande wa juu ulitaka kuvutika. Jipsamu haijui kuvutika, na karatasi iliyokuwa ikiivumilia ilikuwa tayari imekatwa. Kila fundi hukata bodi kwa namna hiyo. Ni ushahidi ulio mbele ya macho yetu kila siku, na bado tunaiita karatasi pambo.

Wazo lenyewe la kuunganisha plasta na karatasi ni la zamani; Augustine Sackett alipata hataza yake Marekani mwaka 1894.

Fikiria gunia la unga wa muhogo. Unaponyanyua, mkono unashika gunia, haushiki unga. Kidole kikitoboa gunia kikaingia ndani, utakuwa umeufikia unga wote na hutaweza kunyanyua chochote. Kichwa cha skrubu ni ule mkono. Kazi yake ni kulala juu ya karatasi na kuibana kuelekea kwenye chuma kilicho nyuma ya bodi. Ndiyo maana skrubu ya jipsamu haina kichwa cha pembe kali kama ile ya mbao. Igeuze uitazame kwa ubavu: chini ya kichwa kuna mpindo laini, kama mdomo wa tarumbeta. Mpindo huo unaiinamisha karatasi polepole mpaka kibonyeo kidogo kipatikane, karatasi ikiwa nzima. Kipimo ni kichwa kushuka chini ya uso wa bodi kidogo sana, nusu milimita hadi milimita moja, kiasi cha kufichwa na jipsamu ya kuzibia.

Upande wa pili wa skrubu kuna udhaifu mwingine. Nguzo za chuma za ukuta huu, mafundi wanaziita stadi, mara nyingi zina unene wa takriban nusu milimita. Skrubu hukamatwa hapo na uzi mmoja hivi, si zaidi. Ukiendelea kuzungusha baada ya kichwa kufika, uzi unakula chuma na tundu linapanuka. Hapo umepoteza karatasi mbele na chuma nyuma kwa mzunguko uleule mmoja.

Nililielewa hili Arua, Uganda, kwenye chumba cha duka kilichogawanywa ili nusu iwe saluni. Ukuta ulikuwa wa mita 3.6 kwa mita 2.4, bodi tatu kila upande, unene milimita 12, stadi kila milimita 600. Mwenye duka aliwapa kazi vijana waliozoea kupiga mbao. Baada ya wiki chache mlango wa saluni ukifungwa, ukuta ulitetemeka, na madoa ya mviringo yalianza kuchomoza kwenye rangi kama chunusi. Akaitwa fundi mmoja mtu mzima aliyetoka ng'ambo ya mpaka, Aru, upande wa Kongo.

"Mzee, tuongeze skrubu ndefu zaidi?" aliulizwa.

"Mwanangu, urefu unatosha. Leta kiganja chako hapa."

Akamwekea kijana kiganja kando ya doa moja, akamwambia abonyeze. Bodi ikaingia ndani kidogo, kichwa cha skrubu kikabaki palepale. Hicho ndicho kipimo. Skrubu iliyoshika husogea pamoja na bodi, au havisogei vyote viwili. Kisha akakwangua doa kwa ncha ya kisu. Pembeni mwa kichwa karatasi ilikuwa imechanika, nyuzinyuzi zimesimama, na ndani kuna unga mweupe.

Tulihesabu naye. Bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4 ina uzito wa kilo 25 hivi. Inakaa kwenye stadi tatu: kingo mbili zenye skrubu kila milimita 200, ambazo ni 13 kila ukingo, na stadi ya kati kila milimita 300, ambazo ni 9. Jumla 35. Gawa uzito, kila skrubu inabeba chini ya kilo moja. Kwa hiyo aliyezizamisha akihofia uzito alikuwa anapambana na kitu kisichokuwepo. Kinachochosha ukuta wa ndani ni kusukumwa na kuvutwa: mlango, mgongo wa mteja, kiti kinachogonga. Msukumo huo unaipeleka bodi mbele na nyuma, na hapo karatasi iliyochanika hairudishi kitu.

Hapa niseme kwa kiasi. Skrubu moja au mbili zilizozama hazitaangusha ukuta, kwa sababu za jirani zinabeba. Pale zilikuwa nyingi, tena zimefuatana kwenye stadi moja karibu na mlango. Kwenye dari ndipo sitakubali hata chache, maana huko bodi inaning'inia, uzito wote unavuta karatasi moja kwa moja saa zote.

Karatasi hiyohiyo ndiyo sababu bodi huachwa juu ya sakafu kwa milimita 10 hivi. Ikigusa sakafu hunywa maji ya kupigia deki, na karatasi iliyolowa inalegea kwenye skrubu hata kama ilifungwa vizuri. Saluni inapigwa deki kila jioni, kwa hiyo fundi aliinama na tochi akakagua upande wa chini wote kabla ya kugusa kingine.

Hakukaza tena skrubu hata moja. Zilizolegea alizitoa, akapiga mpya kiasi cha sentimita tano juu au chini yake, kwenye karatasi nzima na chuma kipya. Kwenye drili alivalisha biti yenye kola, ile inayoachia skrubu yenyewe kola ikigusa uso wa bodi. Akimaliza safu, alipitisha pasi ya plasta juu ya vichwa vyote kutoka juu hadi chini. Ikilia "tik", kichwa kimebaki nje, anakiongeza robo mzunguko kwa bisibisi ya mkono. Pasi ikipita kimya anamulika kwa tochi kutoka ubavuni, aone kama kwenye kibonyeo karatasi bado ni nzima. Upande wa mlango alibadilisha kumi na moja. Mashimo yakazibwa, yakakauka, yakapigwa msasa, na mlango ukafungwa kwa nguvu mara tatu kijana akiwa ameegemeza kiganja ukutani.