Herufi inayoongoza haipati biti moja kila mara

"Kaka, kwenye msimbo wa Huffman, herufi inayotokea sana si lazima ipate biti moja?" (mwanafunzi, Mbeya)

Hapana, si lazima. Msimbo huu hupunguza biti za maandishi kwa kuzipa herufi zinazotokea sana misimbo mifupi. Chukua neno makambako: a iko mara 3, m na k mara 2 kila moja, b na o mara 1. Hipu, yaani rundo ambalo daima hutoa hesabu ndogo kwanza, hutoa hesabu mbili ndogo kuliko zote, hivyo b na o zinaungana kuwa 2, na jumla hiyo hurudishwa kwenye hipu kushindana upya. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kupanga mara moja kunatosha. Sasa zimebaki 2, 2, 2 na 3. Mbili na mbili huwa 4, iliyobaki huungana na a kuwa 5, mwisho 9. Kila muungano huongeza biti moja kwa herufi zilizomo; a imeungana mara mbili, kwa hiyo ina biti 2, na neno zima biti 20. Ukiilazimishia a biti moja, hutashuka chini ya 21.